Milimita 40 ni maji kiasi gani? Jinsi ya kuandika utabiri wa redio mtu ausikie na ajue la kufanya

Masika yakiingia tu, simu za ofisi yetu ya hali ya hewa hazilali. Wengi wanalalamika, "mlisema itanyesha mbona huku Kisauni kukavu", na wengine wanapiga baada ya maji kuingia ndani kutuuliza kwa nini hatukusema. Tulisema. Shida ni kwamba tulisema kwa lugha yetu, presenta akaisoma vilevile, na msikilizaji akabaki na namba ambazo hajui azipeleke wapi. Kwa hivyo hii nawaandikia wale wanaoandaa taarifa za redio hapa Mombasa, lakini hata wewe msikilizaji soma, manake kuna mambo humu yanakuhusu na baadhi yake kusema kweli tumechoka kuyarudia.

Chukua mfano huu. Nimeutunga mwenyewe, ila namba zake si ngeni mwezi wa tano:

"Kuanzia Jumatano 0600 UTC hadi Ijumaa 0600 UTC. Mvua zaidi ya mm 40 ndani ya saa 24, uwezekano asilimia 70. Upepo wa kusini hadi kusini mashariki noti 28. Mawimbi mita 2.8."

Kwetu sisi hiyo imekamilika, hakuna kilichobaki. Ukiisoma hivyo hewani imepotea.

Tuanze na saa kwa sababu hapo ndo watu huumia bila kujua. 0600 UTC ni saa ya dunia, sisi tuko mbele kwa saa tatu, kwa hivyo hapa ni saa tatu asubuhi. Sasa presenta ana haraka, anaona sifuri sita anasema "kuanzia saa sita", msikilizaji anaelewa saa sita mchana, tayari mmempa masaa matatu ambayo hayapo. Mvuvi aliyepanga kurudi saa tano anajiona salama kumbe ameshaingia ndani ya onyo. Badilisha saa kabla hujaandika neno lingine lolote, halafu ziandike kwa maneno, "saa tatu asubuhi", usiache tarakimu kwenye karatasi ya kusomwa.

Haya, mvua. Milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji kwenye kila mita moja ya mraba, basi, hakuna siri nyingine. Kwa hivyo milimita 40 ni lita 40 kwenye kila mita ya mraba, yaani mitungi miwili ile ya lita 20. Nyumba yenye paa la mita sita kwa nane itamwaga lita 1,920, yaani mitungi 96, na hiyo ni paa lako peke yako, jirani naye anamwaga yake na wote mnamwaga kwenye mtaro mmoja ambao pengine umejaa mifuko. Ukisema "kila paa litamwaga mitungi kama mia moja ya maji" mtu anaona. Ukisema milimita 40 anafikiria rula ya shule, sentimita nne, anacheka.

Lakini hiyo namba ina kikomo chake na mwandishi lazima akijue. Kipimo chetu cha mvua kinasomwa saa tatu asubuhi kila siku, kwa hivyo "saa 24" inahesabiwa toka saa tatu mpaka saa tatu, na haikwambii mvua ilikuja vipi. 40 zikinyesha polepole usiku kucha ardhi inakunywa kiasi fulani na mitaro inabeba. 40 hizohizo zikishuka ndani ya saa moja ni mafuriko. Kwa hivyo namba pekee haitoshi, muulize mtabiri maswali mawili: itakuja kwa mkupuo au itasambaa, na siku zilizopita imenyesha kiasi gani? Ardhi ikiwa imeshiba, hata 20 zinatosha kuleta shida.

Na kwa mji kama wetu kuna swali la tatu, la maji ya bahari. Mitaro yetu mingi inamwaga Kilindini au kwenye mkono wa bahari wa Tudor. Siku za bamvua, yaani bahari inapojaa kupita kawaida, hapa maji hujaa mnamo saa kumi na saa kumi na moja, alfajiri na jioni, na yakijaa mdomo wa mtaro uko chini ya maji, mvua haina pa kwenda inarudi mitaani. Jedwali la maji ya Kilindini linatolewa na Mamlaka ya Bandari, liwe ukutani pale studio. Mvua ya kawaida juu ya bamvua inaweza kuleta shida zaidi kuliko mvua kubwa wakati wa maji mafu, na hili kwenye taarifa nyingi za redio silisikii kabisa.

Sasa asilimia 70. Hapa naomba tuelewane mara moja. Si kwamba asilimia 70 ya Mombasa italowa, na si kwamba itanyesha asilimia 70 ya siku. Maana yake ni hivi, ukichukua siku kumi zenye hali kama hii, saba zitapata mvua hiyo na tatu hazitapata. Kwa hivyo isiponyesha hatujasema uongo, na mvua za hapa Pwani zenyewe ni za vipande, Likoni watu wanakinga maji na Mtopanga wanaanika nguo. Hewani sema "mara saba kwa kumi" kisha mwambie afanye nini, kwa sababu uamuzi hautegemei asilimia tu, unategemea pia kujikinga kunagharimu nini. Kuinua godoro na unga juu ya meza hakugharimu kitu, fanya hata ikiwa ni mara nne kwa kumi. Kuahirisha harusi ni jambo lingine, hapo mwenye harusi ataamua mwenyewe, sisi hatumwamulii.

Baharini. Noti 28 ni karibu kilomita 52 kwa saa, lakini mvuvi wa ngalawa humwambii kilomita kwa saa, unamwambia Kusi kali na asitoke nje ya mwamba. Mawimbi mita 2.8 nayo yanadanganya sana. Hiyo si urefu wa wimbi kubwa kabisa, ni wastani wa ile theluthi ya mawimbi makubwa, na katikati yake wimbi moja moja linaweza kukaribia mara mbili, yaani mita tano na kitu. Nimeshasikia mtu akisema "mashua yangu inahimili mita tatu". Sawa, na hilo la mita tano utalifanya nini?

Jambo jingine ambalo lazima liandikwe waziwazi ni alfajiri. Kusi mara nyingi hulegea usiku, mchana inapata nguvu upepo wa bahari ukijumlika, kwa hivyo mvuvi anaangalia nje saa kumi na moja anaona shwari anasema hawa wa hali ya hewa wameanza tena, anatoka, saa saba mchana yuko nje na hawezi kurudi kwenye mlango wa mwamba. Kwa hivyo usiandike tu "upepo mkali unatarajiwa", andika "hata kama alfajiri bahari imetulia". Na wale wa ndani ya mwamba wasisahaulike, maji yakiwa makavu mwamba unawavunjia mawimbi, maji yakijaa mawimbi yanapita juu yake yanawafikia.

Kitu kimoja kinaniudhi, neno "jihadhari". Wananchi wanahimizwa kujihadhari, wajihadhari vipi? Kila sentensi ya onyo iwe na mtu, mahali, saa, na kitendo ambacho anaweza kukifanya leo. Kikikosekana kitendo, ifute.

Tukiiweka pamoja, ile taarifa ya mwanzo, isomwe Jumanne jioni, nafasi ya kama dakika moja hivi, tuseme ni wiki ya bamvua:

"Leo ni Jumanne. Onyo hili la mvua kubwa na Kusi kali ni la Mombasa, toka kesho Jumatano saa tatu asubuhi mpaka Ijumaa saa tatu asubuhi. Wavuvi, msitoke nje ya mwamba siku hizo mbili, hata kama alfajiri bahari imetulia. Mchana Kusi itakuwa kali na wimbi moja moja litapita urefu wa nyumba ya chini. Vyombo vidogo vivuteni juu leo. Mnaokaa mabondeni na kando ya mitaro, leo usiku inueni magodoro, unga na vyeti. Alhamisi saa kumi na moja alfajiri maji ya bahari yatajaa sana, mvua ikinyesha wakati huo mitaro itarudisha maji. Zimeni meni swichi kabla maji hayajaingia, yakishaingia msiiguse. Barabara yenye maji yanayokimbia msivuke, kwa mguu wala kwa boda. Mvua hii ina nafasi ya mara saba kwa kumi. Taarifa mpya kesho saa kumi na mbili asubuhi."

Ona kwamba milimita zimetoka zote. Noti 28 unaweza kuiacha mwisho kabisa kwa manahodha wenye vyombo vikubwa, wao wanaitumia.

Upande wa utaratibu sasa. Taarifa ikikufikia angalia tarehe ya kutolewa, muda inapoanza na inapokwisha, na kama imechukua nafasi ya nyingine. Ukirahisisha lugha sawa, ila usiongeze eneo ambalo halikutajwa na usipandishe "huenda" ikawa "lazima". Ukiwa na shaka piga simu kwa mtabiri wa zamu kabla ya kusoma, si baada. Siku itajwe ndani ya sauti yenyewe, kwa sababu watu wanarekodi na kusambaza kwa wasap, na wiki mbili baadaye onyo la zamani linazunguka tena kama jipya, watu wanakimbia bure.

Na wanaotunga zao kabisa, zile za "kimbunga kinakuja usiku huu sambaza kwa watu kumi", wajue Sheria ya Makosa ya Kompyuta na Mitandao ya 2018 ipo. Kifungu cha 22, kama kilivyopitishwa 2018, kilihusu kuchapisha kwa makusudi habari za uongo, faini isiyozidi shilingi milioni 5 au kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote. Kifungu cha 23, anayejua ni uongo na uongo huo ukaleta taharuki, faini ilikuwa hiyohiyo lakini kifungo kilifika miaka kumi. Kutabiri na isinyeshe si uongo wa aina hiyo, naona kila mwaka kuna mtu anataka tushtakiwe sisi.

La mwisho ni kufunga onyo. Stesheni nyingi zinatangaza linapoanza halafu kimya, mvuvi anakaa nyumbani siku ya tatu na ya nne bila kujua kama ameruhusiwa kutoka, na siku nyingine hatakaa tena. Ijumaa saa tatu asubuhi, tukithibitisha kwamba limekwisha, someni: "Onyo la Jumanne limekwisha, Kusi imepungua, wavuvi wanaweza kutoka." Sekunde kumi tu. Likiongezwa muda, semeni limeongezwa mpaka lini, kabla saa ile ya kwanza haijafika.