Anakushinda bao, lakini ubaoni hanakili mstari mmoja

Nimefanya kazi ya kupima watoto wenye mahitaji maalumu hapa Tanga miaka mingi sasa, na watoto wanaonikosesha usingizi ni wale ambao akili yao inaficha tatizo lao, halafu tatizo nalo linaficha akili.

Nitasema habari ya mmoja, nimuite Mbwana, siyo jina lake. Miaka 10, darasa la nne, anakaa Makorora. Mama yake fundi cherehani. Kaletwa kwangu kwa barua kwamba ni mzito, mvivu, hana marafiki na anachana madaftari. Mama akaniambia mwalimu mimi sielewi, huyu jioni anakaa barazani na wazee anacheza bao na anawafunga, yaani mashimo 32 kete 64 na kabla hajatia mkono ameshajua kete ya mwisho itaangukia wapi, sasa mzito kivipi?

Kwanza macho na masikio yakapimwa hospitali, yako sawa. Halafu nikampa hesabu kumi za maneno. Tano asome mwenyewe, tano zenye ugumu uleule nimsomee mimi. Alizosoma mwenyewe dakika ishirini kapata moja. Nilizomsomea kapata zote tano, hata dakika tano hazijaisha. Hicho kipimo mwalimu yeyote anaweza kukifanya na hakihitaji hela.

Kingine nikamwandikia maneno yasiyo na maana, kama ng'wati, mbefu, nyakundo. Kwanini? Kwa sababu mtoto mwenye akili anabahatisha, anaona "mwa-" anamalizia mwalimu kwa kuangalia picha na habari inavyokwenda, watu wanadhani anasoma. Neno la uongo halibahatishiki. Mbwana akakwama kila palipokuwa na ng', mb, nyw, na maneno marefu ya kweli kama hawakutuandikia akayakata katikati. Hiyo ni disleksia, ubongo unapata shida kuunganisha sauti na herufi. Kwa Kiswahili mara nyingi mtoto wa hivi hakosei sana ila anasoma polepole mno, ndo maana anapita darasa la kwanza na la pili bila mtu kushtuka.

Sasa kosa lililofanyika shuleni, kwa nia njema kabisa, alirudishwa kwenye ba be bi bo bu siku nzima na hesabu za kujumlisha za darasa la pili. Kichwa kinachowafunga wazee bao unakipa 7+5! Lazima achoke, lazima afanye fujo. Tukatenganisha vitu viwili. Kusoma anafundishwa pale alipo, dakika ishirini kila siku, silabi kwa sauti huku anaandika, zile ngumu tu. Kufikiri anapewa kwa kimo chake, mwalimu au mwenzie anamsomea swali, anajibu kwa mdomo. Na kwenye hesabu anaanza na tano ngumu kuliko zote, akipata nne zile nyingine nyepesi hafanyi, anapewa fumbo jingine.

Kuchana madaftari je? Nilipoliangalia daftari nikakuta karatasi imetoboka kwa ufutio. Mtoto huyu hakuwa mvivu hata kidogo, aliona bora asikusanye kitu kuliko kukusanya chenye kosa, maana barazani hakosei. Tukamnyima ufutio, akapewa kalamu na daftari la rafu ambalo halisahihishwi na mtu, dakika kumi basi anaweka chini hata kama hajamaliza. Na mama nikamwomba akikosea mshono aufumue mbele yake huku anasema kwa sauti hapa nimekosea, nafumua. Ukimwambia tu "wewe una akili sana" unamzidishia hofu, bora umwambie umerudia hii njia mara tatu ndo ukaiona.

Marafiki hatukumtafutia kundi. Tulitafuta mtoto mmoja tu anayependa anachopenda, akapatikana wa darasa la sita, Jumamosi wanacheza bao saa moja. Wazee wabaki, ila wazee siyo marafiki wa kukimbia nao. Lakini mtoto akiacha kula, hapati usingizi au anasema heri afe, hapo usingoje rafiki, mpeleke hospitali siku hiyohiyo.

Baada ya mihula miwili bado anasoma polepole, na nadhani atakuwa hivyo ukubwani. Ila daftari halina matobo. Wasiwasi wangu sasa ni kidato cha kwanza, maana Kiingereza hakiandikwi kama kinavyotamkwa na hapo disleksia inauma mara mbili, kwahiyo tumeshaanza kumzoesha kwa masikio kwanza, na mama anatunza faili la vipimo vyote ili alikabidhi shule mpya siku ya kwanza, mtoto asianze tena kuitwa mvivu.