Kadi za kumtambulisha mgeni: yanayodhaniwa na yalivyo

Mara ya kwanza nilipoombwa kumtambulisha mgeni mbele ya watu, niliandika kurasa mbili na kuzisoma zote bila kuinua macho. Mgeni mwenyewe alikuwa ameketi hatua tatu tu kutoka nilipo, na sikumtazama hata mara moja. Tangu hapo natumia kadi, na bado nasikia watu wakizielewa vibaya.

Dhana: Kadi ni hotuba ileile iliyokatwa vipande vidogo.

Ukweli: Ukiandika sentensi kamili, utazisoma, hata kama unazijua kwa moyo. Jicho likikutana na sentensi haliiachi mpaka nukta. Kadi inatakiwa kubeba vitu viwili tu: vile ambavyo kumbukumbu huangusha, kama majina, vyeo na miaka, na neno moja la kukurudisha kwenye kisa unachotaka kusimulia. Mengine yatoke kinywani siku hiyohiyo.

Neno lenyewe ndilo watu wengi hulikosea. Niliwahi kumtambulisha mkunga mstaafu aliyekuja kuzungumza na wanafunzi wa uuguzi. Nilimpigia simu siku chache kabla, nikamuuliza ni siku gani ya kazi ambayo bado anaikumbuka. Akanisimulia usiku ambao umeme ulikatika katikati ya uzazi, naye akamzalisha mama yule kwa mwanga wa tochi iliyoshikwa na bibi wa mtoto. Bibi alikuwa anatetemeka, kwa hiyo mwanga ulicheza ukutani muda wote. Nikamwomba ruhusa ya kukisimulia, akakubali.

Kwenye kadi niliandika kwanza "UJASIRI". Nilipofanya mazoezi kwa sauti, nikakwama palepale, maana neno hilo linaweza kuanzisha sentensi mia. Nikalifuta, nikaandika "TOCHI – BIBI ANATETEMEKA", na kisa kikaja chenyewe. Neno la kitu kinachoonekana huamsha kumbukumbu, lakini neno la sifa hukuacha ukitafuta. Ukisita mara mbili kwenye neno lilelile wakati wa mazoezi, badilisha neno, usijilaumu.

Kadi zangu zilikuwa tatu:

1. Leo: dakika 10 za kwanza za mtoto
2. TOCHI – BIBI ANATETEMEKA / miaka 31 wodini
3. Jina kamili, kwa silabi

Ya kwanza ilisema kwa nini mada inawahusu waliokaa pale, ya pili kwa nini mzungumzaji ni yeye na si mwingine. Utambulisho wote ulichukua kama dakika moja na nusu.

Dhana: Ukiacha cheo chochote kwenye wasifu, umemvunjia mgeni heshima.

Ukweli: Wasifu wake ulijaza ukurasa mzima. Nilichukua ile miaka 31 peke yake, kwa kuwa ndiyo iliyogusa mada ya siku hiyo. Orodha ndefu ya vyeti husikika sawa kwa kila mgeni, na hadhira haibaki na chochote. Kama kuna cheo ambacho lazima kitajwe, muulize mwenyewe anavyotaka kiitwe, kisha kiandike hivyohivyo.

Dhana: Jina la mgeni huna haja ya kuliandika, unalijua.

Ukweli: Jina ndilo hupotea kwanza moyo unapodunda. Hata la rafiki. Liandike kubwa kwenye kadi ya mwisho, peke yake. Kama ni la lugha usiyoizungumza, mwombe alitamke mwenyewe kwenye simu, ligawe kwa silabi, na piga mstari chini ya ile inayokazwa.

Liwe neno la mwisho la utambulisho wako, maana hapo watu hujua ni wakati wa kupiga makofi. Wengi hugeuka kumtazama mgeni huku wakilitamka, na maikrofoni inakosa nusu yake. Litamke ukiitazama hadhira, kisha ndipo umgeukie kwa tabasamu. Hilo nililiandikia alama kwenye kadi: mshale mdogo baada ya jina.

Dhana: Karatasi yoyote inafaa, au hata simu.

Ukweli: Karatasi nyembamba hutetemeka pamoja na mkono na kuchakarisha maikrofoni. Simu huzima kioo, au ujumbe hujitokeza juu ya jina la mgeni. Tafuta kadi ngumu za ukubwa wa kiganja, karibu sentimita 7.5 kwa 12.5, uandike upande mmoja kwa kalamu nene, uzipe namba pembeni. Kipimo changu ni kuiweka kadi sakafuni nikiwa nimesimama: nisipoweza kuisoma bila kuinama, naandika upya, maneno yakiwa machache zaidi.