Tulijenga, nilichelewesha: viambishi vya nafsi katika hotuba ya kuaga

Tangu nilipostaafu kufundisha Kiswahili hapa Pemba, watu huniletea hotuba zao niwasomee kabla ya kuzitoa. Mwaka jana alinijia mzee mmoja aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya kijiji chao kwa miaka 12. Kwetu Zanzibar sheha huteuliwa na serikali, lakini mwenyekiti wa kamati kama ile alichaguliwa na wanakijiji wenyewe, kwa hiyo siku ya kuaga alikuwa akiwarudishia dhamana watu wale wale waliompa. Hotuba yake ilikuwa na kurasa tatu, na tatizo lake kubwa lilikuwa katika viambishi viwili vidogo, yaani ni- na tu-.

Nilimwomba apigie mstari kila kitenzi, kisha ajiulize ni nani hasa aliyetenda. Katika ukurasa wa kwanza aliandika: "Nilichimba kisima, nilinunua pampu, nilijenga tangi." Wanakijiji waliobeba mawe na kuchanga fedha wangekuwa wamekaa mbele yake wakiyasikia hayo. Katika ukurasa wa pili, alipofikia mwezi wa Ramadhani ambao pampu iliharibika na ikakaa wiki tatu bila ya kutengenezwa, aliandika: "Kulitokea ucheleweshaji." Sentensi hiyo haina mtendaji. Kiambishi ku- hapo hakimtaji mtu yeyote, na jina "ucheleweshaji" limemeza kitenzi pamoja na mtu aliyechelewesha. Ukweli ni kwamba fedha za matengenezo zilikuwapo, naye alikuwa akisubiri fundi wa bei nafuu, huku akina mama wakiteka maji kisima cha zamani cha bondeni na kupanda nayo mlima wakiwa na saumu.

Nilimwambia, "Mzee wangu, hapa viambishi vimekaa kinyume." Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Mwalimu, basi nisaidie kuviweka panapostahiki."

Tulibadilisha maneno machache sana. Kwa kazi ya pamoja aliandika: "Tulichimba kisima, na mikono iliyochimba ni yenu." Kwa kosa aliandika: "Nilichelewesha mimi. Fedha zilikuwapo, na uamuzi wa kusubiri ulikuwa wangu." Katika Kiswahili kitenzi "nilichelewesha" kimekwisha kubeba nafsi, kwa hiyo neno "mimi" linapoongezwa baada yake huwa ni la kusisitiza, na msikilizaji huelewa kwamba msemaji hakusudii kumtwika mwengine. Angelisema "tulichelewesha", kosa lingeliwaangukia wajumbe wa kamati ambao hawakuulizwa, na hata wasikilizaji waliokuwa wakibeba ndoo.

Kumbukumbu nazo zilihitaji kazi, ingawa si nyingi. Alikuwa ameorodhesha marehemu tisa kwa majina, mmoja baada ya mwengine, na niliona kwamba jamaa wa asiyetajwa wangeondoka na kinyongo. Nilimshauri awarehemu wote kwa pamoja katika dua, kisha asimulie jambo moja aliloliona kwa macho yake. Alichagua asubuhi ambayo maji yalitoka bombani kwa mara ya kwanza yakiwa na rangi ya udongo, na bibi mmoja akayakinga hivyo hivyo kwenye kanga yake kwa sababu hakuwa amekuja na ndoo. Sikugusa hata neno moja hapo.

Lililobaki lilikuwa mpangilio. Yeye aliweka makabidhiano ya daftari, muhuri na funguo za chumba cha pampu kabla ya kuomba radhi. Nilimsihi ayageuze. Katika mafundisho ya dini yetu haki ya mja husamehewa na mwenyewe aliyedhulumiwa, na mwenye madai hupata nafasi ya kuyasema ikiwa daftari bado limo mkononi mwa anayeondoka. Akishakabidhi, mwenye madai huambiwa amfuate mwenyekiti mpya. Kwa hiyo baada ya salamu kwa Bwana Sheha, masheikh, wazee na wanakijiji, yakaja masimulizi, kisha radhi, kisha hesabu ya fedha iliyosomwa kwa sauti, na funguo zikawa za mwisho.

Nilihudhuria siku hiyo. Alipofika kwenye maneno "mwenye haki kwangu na aseme, au anisamehe", alisita kama tulivyokubaliana, na mama mmoja akasimama kutoka upande wa wanawake akasema kwamba aliahidiwa bomba lifikishwe karibu na nyumba yake na hadi leo halijafika. Mwenyekiti alimjibu, "Ni kweli, mama, niliahidi mimi." Akafungua daftari, akaandika ahadi hiyo mbele ya watu, akamwonesha mrithi wake mstari wenyewe, na ndipo alipoendelea na hesabu.