Apdeti ya gemu ikikwama Steam, usikimbilie kufuta

Dhana: "Apdeti imekwama? Futa gemu, upakue upya."

Ukipita mitaa ya Ngamiani hapa Tanga, kila kijana mwenye kompyuta ya gemu atakupa dawa hiyohiyo. Ni dawa ya kumaliza bando. Apdeti ya MB 300 inageuzwa kuwa GB 60 za kupakua, na mara nyingi tatizo lilikuwa ni nafasi ya diski tu.

Hapo huwa nabishiwa: "Fundi, diski ina GB 12, apdeti ni MB 300, nafasi itakosekanaje?" Inakosekana kwa sababu MB 300 ni kile kinachopita kwenye mtandao. Gemu nyingi hufungasha vitu vyake kwenye mafaili machache makubwa sana. Apdeti ikigusa kipande kidogo cha faili la GB 40, Steam halichokonoi faili lile lilipo. Linatengeneza nakala mpya nzima ndani ya folda `steamapps\downloading`, linachanganya vipande vya zamani na vipya, kisha linahamishia nakala hiyo mahali pa ile ya kwanza. Kwa muda huo unahitaji GB 40 nyingine zilizo wazi.

Tuchukue SSD ya GB 256, ambayo Windows huionyesha kama 238. Nafasi iliyobaki ni GB 12, na gemu ina faili moja la GB 40. Apdeti haiwezi kwenda, hata bando likiwa la mwezi mzima. Sasa mtu anafuta gemu yote ya GB 60. Papo hapo nafasi inakuwa GB 72, gemu inaingia vizuri, naye anaapa kwamba kufuta ndiko kulikoponya. Kilichoponya ni nafasi! Angehamishia gemu nyingine ya GB 35 kwenye diski ya nje, angebaki na GB 47, na apdeti ingemaliza kwa MB zake 300.

Kuhamisha ni rahisi. Chomeka diski ya nje, iongeze kwenye `Settings > Storage`, kisha bofya kulia ile gemu nyingine, `Properties > Installed Files > Move install folder`. Usiikokote kwa mkono, Steam litaona haipo.

Na angalia diski yenyewe. Folda ya `downloading` hukaa kwenye diski ileile ya gemu. Kama gemu iko D, kufuta video za harusi zilizoko C hakusaidii kitu. Kipimo changu: fungua folda ya gemu ndani ya `steamapps\common`, panga mafaili kwa ukubwa, uache nafasi inayotosha faili kubwa kuliko yote na GB 10 juu yake.

Dhana: "Kasi ni sifuri, basi mtandao umekufa."

Tazama grafu kwenye ukurasa wa `Downloads`. Kama mtandao uko sifuri lakini mstari wa diski unapanda, Steam linaandika ile nakala kubwa. Kwenye diski ya kuzunguka, GB 40 kwa mwendo wa MB 50 kwa sekunde ni kama dakika 13. Subiri. Ukizima katikati, au umeme ukikatika, ndipo mafaili yanaweza kuharibika kweli.

Dhana: "Kusafisha keshi kunafuta gemu."

Hakufuti. `Clear Download Cache`, ndani ya `Settings > Downloads`, itakutoa kwenye akaunti tu, kwa hiyo hakikisha nywila unaikumbuka. Ukiona `Corrupt update files`, au apdeti inakwama asilimia ileile kila mara ilhali nafasi ipo, anza hapo. Ikigoma, funga Steam kabisa na ufute folda ya namba ya gemu hiyo iliyo ndani ya `downloading`. Utapoteza apdeti iliyofika nusu, gemu itabaki. Umeme ukiwa umekatika katikati ya kazi, malizia na `Verify integrity of game files`.

Dhana: "Lazima ufungue poti kwenye ruta."

Kwa nyumbani, hapana. Kompyuta ndiyo inayotoka kwenda Steam, na ruta ya kawaida haihitaji kuombwa ruhusa kwa hilo. Poti hufungwa kwenye mitandao ya ofisi na hosteli, ambako msimamizi anaweza kuzuia TCP 27015 hadi 27050. Jaribu kwa hotispoti ya simu kwa dakika moja, kisha usimamishe. Ikisogea kwa simu na kugoma kwa ule mtandao, mpelekee msimamizi namba hizo.

Dhana: "Queued maana yake imeharibika."

Steam hupakua gemu moja kwa wakati, na kwa kawaida husimamisha kupakua ukiwa unacheza. Funga gemu, kisha bofya alama ya kupakua iliyo mbele ya ile unayoitaka ili ipande juu ya foleni.