Miguu haijavimba? Panda kwenye mizani

"Sista, miguu haijavimba, niko vizuri." Wiki hii nimeambiwa tena hivyo kliniki ya moyo, na mama aliyekuwa anavuta pumzi katikati ya kila neno. Basi leo naandika.

Moyo ukizidiwa, figo hubana chumvi na maji. Maji hayo huweza kujaa kwenye mishipa na mapafu kabla kifundo cha mguu hakijaonyesha chochote. Lita moja ni kilo moja, na mtu mzima anaweza kubeba lita kadhaa za ziada huku kandambili zake zikimtosha kama kawaida. Wengine miguu yao haivimbi kabisa: tumbo ndilo linalojaa, mkanda unasogezwa tundu moja, anakula vijiko viwili anashiba. Aliyelala kitandani muda wote atavimba kiunoni kwa nyuma, mahali ambapo hakuna anayepaangalia.

Nina mzee mmoja wa Mbagala anayeandika uzito kwenye daftari la mjukuu wake. Uzito wake akiwa hana maji ya ziada ni kilo 68. Jumatatu aliandika 68.2, Jumanne 68.9, Jumatano 69.7, Alhamisi 70.4. Majirani walikuwa wanamsifia eti amenawiri. Alhamisi hiyo akapiga simu, kwa sababu nilikuwa nimemwambia: zaidi ya kilo mbili ndani ya siku tatu, usisubiri tarehe ya kliniki. Miguu ilikuwa mikavu. Nilipomhoji, akasema usiku anakohoa akilala chali na ameongeza mto wa tatu. Kisha likatoka lenyewe: goti lilimuuma, akanunua diklofenaki duka la dawa. Dawa hizo za maumivu hubana chumvi na maji, na kwa mgonjwa wa moyo ni balaa. Daktari alimwona kesho yake, akaisimamisha, akamwongezea Lasiksi, dawa ya kukojoa maji ya ziada, kwa siku chache na kumpima figo na potasiamu. Jumatatu iliyofuata daftari lilisoma 68.4. Hakulazwa.

Daftari hilo lina maana kwa sababu anapima vilevile kila siku: asubuhi akishakojoa, kabla ya chai, nguo nyepesi, mizani ileile juu ya sakafu ya saruji. Ukiiweka juu ya zulia inakudanganya. Na tafadhali, kipimo cha wale vijana wenye mizani kituo cha daladala si cha kulinganisha na cha famasi jana, tena umevaa viatu na umetoka kula ubwabwa.

Sasa niseme jambo linalonisumbua. Hiyo kanuni ya kilo mbili haimnasi kila mtu. Wagonjwa wengi tunaowalaza hawakuwa wameongezeka hivyo. Wengine wanapungua nyama huku maji yakiongezeka, mizani inabaki palepale. Kwa hiyo mito ya kulalia ikiongezeka, au ngazi ulizokuwa unapanda zikikushinda, piga simu hata kama namba ni nzuri. Uvimbe nao si lazima uwe moyo. Amlodipini ya presha huvimbisha vifundo, na mguu mmoja tu uliovimba na kuuma unaweza kuwa damu iliyoganda, hiyo ni safari ya hospitali siku hiyohiyo. Kubonyeza ili kuona uvimbe ni rahisi: dole gumba juu ya mfupa wa muundi, hesabu mpaka kumi, achia. Shimo likibaki, andika limefika wapi, kifundoni au karibu na goti.

Uzito ukishuka ghafla pia nataka kujua, hasa ukiwa unaharisha au kutapika huku unaendelea na dawa za maji kama Lasiksi na spironolaktoni. Hapo figo zinaweza kuumia haraka.

Mapigo nitayapitia upesi. Kaa dakika tano, weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, hesabu dakika nzima. Usihesabu sekunde kumi na tano ukazidisha, maana mapigo yasiyo na mpangilio hayahesabiki hivyo, na hata mashine ya presha hukosea hapo. Ukitumia karvedilili au bisoprololi, dawa zinazopunguza mapigo, 55 kwa dakika bila kizunguzungu hainitishi. Chini ya 50 na kichwa chepesi, au zaidi ya 120 umekaa tu, au mpangilio uliobadilika ghafla, nipigie, lakini dawa usiache mwenyewe.

Ukizimia, ukibanwa kifua, ukikosa pumzi umekaa au ukitema povu la pinki, usinipigie mimi. Nenda hospitali iliyo karibu.

Kwa mengine yote, ukipiga simu usianze na "sijisikii vizuri, sista". Nisomee uzito wa siku nne za mwisho, mapigo ya leo, idadi ya mito, na kila dawa uliyomeza, pamoja na ile ya goti.