Akijibu "Ndiyo", Usikimbilie Swali Jingine

Kijana mmoja alinijia ofisini hapa Kampala akiwa amekata tamaa. Alikuwa amemtoa msichana kwenda kula samaki Ggaba, na kabla sahani hazijafika maneno yalikuwa yamekwisha. Nikamwomba anisimulie walivyozungumza, neno kwa neno.

"Unafanya kazi wapi?"
"Mjini."
"Unaipenda?"
"Ndiyo."
"Kwenu ni wapi?"
"Fort Portal."
"Mmezaliwa wangapi?"
"Watano."

Nilimwonyesha kwamba msichana alijibu kila alichoulizwa. Ukiuliza jina la mahali, utapewa jina la mahali. Tatizo ni kwamba kila jibu fupi lilimtia kijana hofu, akalitupa na kurukia mada mpya, hata msichana akajiona yuko kwenye usaili wa kazi. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walichapisha utafiti uliogusa pia mikutano ya uchumba ya dakika chache. Waliona kuwa wanaouliza maswali ya kufuatilia, yaani yanayozaliwa na jibu lililotangulia, ndio waliokubaliwa zaidi kukutana tena.

Basi tukarudi kwenye "Fort Portal". Anayetoka huko huenda ni Mtooro, na Watooro wana empaako, jina la heshima na mapenzi ambalo mtoto hupewa na ukoo. Kuuliza empaako ni sehemu ya salamu yao. Nikamwambia atangulize kidogo cha kwake, kisha aulize: "Mimi jina langu nilirithi kwa babu, na nilipokuwa mdogo sikulipenda. Empaako yako ni ipi?" Akijibu "Abwooli" tu, abaki hapohapo: "Nani alikuchagulia?" Halafu anyamaze, ahesabu moyoni mpaka tano. Hapo ndipo wengi huharibu, kwa sababu kimya cha sekunde mbili huwatisha, wakamkatiza mwenzao akiwa bado anatafuta neno.

Na neno lenyewe huenda analitafuta kweli. Hapa Uganda Kiswahili kwa wengi ni lugha ya tatu au ya nne. Nimeona mtu mkimya kabisa akifunguka mara tu alipoambiwa, "Changanya na Kiganda, nitakuelewa."

Walipokutana tena, msichana alisimulia habari za shangazi yake aliyemchagulia jina mpaka soda zikapata moto.

Lakini si kila ufupi ni haya. Mwenye haya hujibu kwa ufupi huku akikutazama, na baada ya muda atakurudishia japo "na wewe je?" Asiyetaka hakurudishii kitu, na macho yake yako kwenye simu. Ukishafuatilia majibu yake mara tatu, ukampa nafasi, na bado harudishi neno, acha kuuliza. Maliza chakula kwa heshima, mwitie bodaboda, usimdai maelezo.