"Vifaa bora zaidi vitumike": dhana potofu katika sehemu ya mapendekezo ya ripoti ya maabara

Juma lililopita nilisahihisha ripoti za jaribio la pendulumu, lile la kutafuta mchapuko wa graviti kwa gololi iliyofungwa kwenye uzi, na karibu kila ripoti ilimalizika kwa sentensi ileile: "Matokeo yangekuwa sahihi zaidi endapo vifaa bora vingetumika." Nimeisoma sentensi hiyo miaka mingi, na sasa nimeamua kuijibu kwa maandishi, kwa kuwa majibu ya mdomo hayajafua dafu.

Dhana ya kwanza, na ndiyo inayonichosha kuliko zote, ni kwamba kosa la jaribio linatokana na ubora wa vifaa, kwa hiyo vifaa vikibadilishwa kosa litaondoka. Ukweli ni kwamba pendekezo lolote lazima lianze kwa kujua kosa lililo kubwa limetoka wapi, na mara nyingi halikutoka kwenye kifaa.

Nichukue ripoti moja kati ya hizo. Mwanafunzi alipima urefu wa uzi kuanzia kwenye klampu hadi kwenye fundo, akapata sentimita 49.0. Akaipa gololi mbembeo 10, stopuwochi ikasoma sekunde 14.2, yaani sekunde 1.42 kwa kila mbembeo. Alipoingiza namba hizo katika kanuni g = 4π²L/T² alipata 9.59, ilhali hapa kwetu pwani, karibu na ikweta, thamani halisi ni 9.78 hivi. Nilipomuuliza vifaa bora alivyovitaka ni vipi, alijibu, "Mwalimu, stopuwochi zetu ni za zamani." Stopuwochi hiyo ya zamani inasoma hadi sehemu ya mia moja ya sekunde. Kilichokuwa kikichelewa ni kidole chake.

Namna ya kulithibitisha jambo hilo haigharimu chochote. Pima muda wa mbembeo 10 mara nane bila kubadilisha kitu, kisha utazame namba zimetawanyika kiasi gani. Yeye alipofanya hivyo, zilikuwa kati ya 14.0 na 14.4, maana yake mkono wake hukosea kwa takriban sekunde 0.2, kubwa mara ishirini kuliko kipimo kidogo kabisa cha saa. Sekunde 0.2 katika 14.2 ni asilimia 1.4, na kwa kuwa T katika kanuni imepandishwa kipeo cha pili, kosa hilo huwa maradufu katika jibu: asilimia 2.8, au 0.27 hivi. Kwa hiyo jibu lake la kweli lilikuwa 9.59 jumlisha au toa 0.27, na thamani ya 9.78 imo ndani ya masafa hayo. Jaribio lake halikuwa na uwezo wa kumwambia kama amekosea.

Pendekezo linalofaa basi linajiandika lenyewe: ahesabu mbembeo 50 badala ya 10. Mkono utakosea kwa sekunde 0.2 zilezile, lakini sasa ni katika sekunde 71, na kosa katika g linashuka hadi asilimia 0.6 hivi. Vilevile awashe na kuzima saa gololi inapopita katikati, mbele ya kalamu iliyosimamishwa nyuma ya uzi, wala si inapofika mwisho wa mbembeo, kwa sababu mwishoni gololi husitasita na jicho haliwezi kukata shauri imegeuka lini. Kipo kikomo chake, nacho ni kupotea kwa hesabu, kwani anayehesabu 50 ni rahisi kuruka mmoja. Dalili yake huonekana wazi: kipimo kimoja kitatofautiana na vingine kwa sekunde 1.4 hivi, yaani mbembeo mmoja kamili. (Na hesabu ianze na sifuri, si na moja. Anayeanza na moja katika mbembeo 10 amepima tisa, na g yake inafika karibu 12.)

Alirudi maabara, akahesabu 50, akapata sekunde 71.0. Jibu likabaki 9.59, ila safari hii kosa lake, pamoja na lile dogo la kusoma rula, lilikuwa 0.06 tu. Akanijia akilalamika kwamba pendekezo langu halikusaidia. Lilisaidia mno, kwa maana sasa 9.78 ilikuwa nje ya masafa, na hilo lilituambia kwamba kuna kosa jingine lisilohusiana na mkono, ambalo hapo awali lilikuwa limejificha nyuma ya lile kubwa. Urefu wa pendulumu hupimwa hadi katikati ya gololi, wala si hadi kwenye fundo. Kipenyo cha gololi kwa venia kalipa kilikuwa sentimita 2.0, kwa hiyo alipunguza urefu kwa sentimita 1.0. Ukiweka 50.0 mahali pa 49.0, g inakuwa 9.79.

Sasa mfikirie mwanafunzi huyo amepewa kifaa alichokitamani, tuseme lango la mwanga linalopima muda hadi sehemu ya elfu moja ya sekunde. Angepata 9.59 ileile, tena akiwa na uhakika mkubwa zaidi juu ya jibu lisilo sahihi. Simkatazi mtu kupendekeza lango la mwanga, bali namtaka aseme litapunguza kosa lipi, kutoka kiasi gani hadi kiasi gani, na kosa lipi litabaki palepale.

Dhana ya pili ni kwamba kurudia vipimo huponya kila kitu. Kurudia hupunguza kosa la nasibu peke yake, tena polepole: ukitaka kulipunguza kwa nusu lazima urudie mara nne. Sentimita moja iliyosahauliwa chini ya fundo itabaki sentimita moja hata ukirudia mara mia. Anayeshuku kosa la namna hiyo apendekeze kubadilisha urefu wa uzi mara tano au sita na kuchora grafu ya T² dhidi ya L, kisha atafute g kwenye mteremko. Sentimita iliyopotea itausogeza mstari pembeni ya sifuri bila kuugusa mteremko, na hapo atajua kwamba ipo.

Dhana ya tatu ni "makosa ya kibinadamu". Maneno hayo hayana maana yoyote katika ripoti, na mimi huyakata kwa kalamu nyekundu bila kuyasoma mara mbili. Andika kidole kilichelewa, au jicho lilisoma rula kwa mshazari.

Dhana ya nne ni feni na upepo wa dirishani, ambavyo hutajwa katika ripoti nyingi kana kwamba ndivyo vilivyoharibu jibu. Kwa gololi ya chuma katika chumba cha kawaida, athari yake ni ndogo kuliko makosa niliyoyaeleza. Pembe ya kuachia ndiyo iliyostahili kutajwa, nayo haitajwi kabisa. Kanuni tunayoitumia inafaa kwa pembe ndogo tu: kwa digrii 10, T huongezeka kwa asilimia 0.2 hivi, jambo lisilo na madhara hapa, lakini kwa digrii 30 huongezeka kwa asilimia 1.7, na g hushuka kwa zaidi ya asilimia 3. Kwa uzi wa nusu mita, digrii 10 ni kuivuta gololi pembeni kwa sentimita zisizozidi 9. Niliwaona wawili wakiivuta hadi usawa wa klampu, kisha wakaandika kwamba feni ilikuwa imewashwa.